Ushahidi kwenye ufahamu unakatwa wapi?

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Dodoma. Kwenye ufahamu nikiandika sentensi ya kwenye habari kama ushahidi, mwalimu anaandika "umenakili" ananipa nusu maksi. Nikiandika kwa maneno yangu anaandika "ushahidi uko wapi?" Sasa anataka nini jamani?*

Marahaba mwanangu. Anataka vyote viwili kwenye sentensi moja, hoja iwe yako na ndani yake kuwe na maneno mawili matatu ya mwandishi. Ndo hivyo tu, ila kuyatoa hayo maneno kwenye habari bila kuyavunja ni kazi yenye mitego, na kwenye Kiswahili mitego yenyewe iko pale ambapo watu wengi hawaangalii, kwenye kitenzi. Ntakuonesha kwa mfano mmoja twende nao mpaka mwisho.

Hii hapa habari fupi, nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa langu baada ya kupita Hombolo wakati wa mavuno ya zabibu. Soma polepole.

> Msimu wa Agosti ulipofika, madalali waliingia kijijini na mizani yao. Walitaja bei ambayo haikutosha hata kulipia dawa ya ukungu. Majirani waliuza siku hiyohiyo, kwa sababu walikuwa wanadaiwa. Bibi hakukimbilia kuuza. Aliziacha zabibu zake shambani siku tisa zaidi, akizikagua kila alfajiri kabla jua halijakolea.
>
> Mjukuu wake akaona wanachelewa. "Bibi, zitaozea shambani," alisema huku akihesabu vichala kwa macho. Bibi akacheka, akachuma kichala kimoja, akakionja. "Bado hazijasema," alijibu. Siku ya kumi alikodi guta, akazipeleka mwenyewe kwa mnunuzi mjini, akarudi jioni akiwa na pesa ya kumalizia banda la mbuzi.

Swali: Bibi alikuwa mtu wa tabia gani? Thibitisha kwa ushahidi kutoka kwenye habari.

Darasani kwangu zaidi ya nusu waliandika hivi:

> Bibi alikuwa mvumilivu kwa sababu Bibi hakukimbilia kuuza. Aliziacha zabibu zake shambani siku tisa zaidi, akizikagua kila alfajiri kabla jua halijakolea.

Hesabu, maneno 16 ya mwandishi yamehamishwa kama yalivyo, tena bila alama za usemi, yaani ukisoma unadhani ni ya mwanafunzi. Lakini shida sio wingi peke yake. Angalia kilichoingia humo. "Siku tisa zaidi" kweli ni ushahidi wa uvumilivu. "Akizikagua kila alfajiri" je? Huo sio uvumilivu, huo ni umakini, ni tabia nyingine kabisa. Na "kabla jua halijakolea" haithibitishi chochote kwenye hili swali, ni saa tu ya kuamkia shamba. Kwahiyo msahihishaji akifika hapo anajiuliza huyu mtoto ameuona ushahidi ulipo au kabeba gunia zima akitegemea kwamba kitu kinachotakiwa kitakuwa ndani? Hawezi kujua, na asipojua hawezi kukupa maksi zote. Mimi binafsi nikikuta jibu la namna hiyo huwa naandika pembeni "neno lipi?" na wengi nikiwauliza hivyo kwa mdomo wanashindwa kulinyooshea kidole.

Linganisha na hili:

> Bibi alikuwa na subira. Wenzake walipouza siku ileile, yeye alingoja "siku tisa zaidi" bila kutikiswa na onyo la mjukuu kwamba zabibu "zitaozea shambani".

Maneno ya kunukuu ni matano tu. Ila jibu limebeba mengi kuliko lile la 16, kwa sababu limesema wenzake walifanya nini (kwa maneno yako), limetaja muda (kwa maneno ya mwandishi), limeonesha pia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa na hakuogopa. Subira bila kishawishi cha kukata tamaa ni kukaa tu, kwahiyo lile onyo la mjukuu ndo linaloipa nguvu ile siku tisa.

Namna ya kufika hapo iko hivi. Kwanza andika hoja kwa maneno yako, usiangalie habari kabisa, geuza karatasi kama unaweza. Alafu rudi kwenye habari ukiwa na swali moja tu kichwani, ni neno gani hapa lingefutwa hoja yangu ingeanguka? Futa "kila alfajiri" kichwani, je subira ya bibi imepungua? Haijapungua. Futa "siku tisa zaidi". Hapo imeanguka, hatujui tena kama alisubiri saa moja au mwezi. Basi hilo ndo la kuchukua, na mengine yaache yalipo hata kama yamependeza.

Sasa tuje kwenye kukata, na hapa naomba utulie maana ndo wanafunzi wazuri wanapoangukia.

Neno la Kiswahili, hasa kitenzi, limebeba watu ndani. "Aliziacha" ni neno moja ila mle ndani kuna aliyetenda (a-), kuna wakati (-li-), kuna kilichoachwa (-zi-). Ukilitoa neno hilo kwenye habari ukalipandikiza kwenye sentensi yako, hao watu wote wanakuja nalo, na kama sentensi yako haina wenyeji wa kuwapokea, sentensi inagoma. Mwanafunzi mmoja aliniandikia hivi:

> Bibi alikuwa na subira na mavuno yake kwa sababu "aliziacha" siku tisa.

Soma kwa sauti. Mavuno ni *ya*, mavuno *yale*, mavuno *yameiva*. Hiyo -zi- inamtafuta nani sasa? Inatafuta zabibu, na zabibu hazipo kwenye sentensi yake. Dawa yake sio kubadilisha kuwa "aliyaacha" ndani ya alama za usemi, hapo utakuwa umemsingizia mwandishi neno ambalo hakuliandika. Badilisha upande wako: andika *zabibu zake* badala ya *mavuno yake*, -zi- itapata mwenyeji wake na kila kitu kitakaa. Au acha kitenzi hukohuko kiliko, useme kwa maneno yako kwamba alingoja, unukuu "siku tisa zaidi" ambayo haina kiambishi cha kumtafuta mtu yeyote. Mimi napendelea hii ya pili. Maneno ya muda, idadi, majina na sifa yanahama kirahisi, vitenzi vinahama kwa shida, kwahiyo ukiwa na haraka chumba cha mtihani nukuu lile ambalo sio kitenzi.

Ila kuna wakati kitenzi ndo ushahidi wenyewe huwezi kukikwepa, kama "zitaozea shambani" pale juu. Angalia nilivyofanya, niliweka *zabibu* nje ya alama, kabla tu ya kufungua, ili hiyo zi- ikifika ikute mtu amekaa. Mjukuu mwenyewe hakusema neno zabibu, alisema "Bibi, zitaozea shambani," maana walikuwa wamesimama nazo mbele yao, wanaziona. Msomaji wa jibu lako hazioni, lazima umtajie.

Vitenzi vya -ki- na -ka- navyo vina yao. "Akizikagua" haisimami peke yake, inaegemea kitenzi kilichotangulia, na "akakionja" ni hivyohivyo, inafuata kitendo kilichopita. Ukiandika *Bibi alikuwa mjuzi wa zabibu kwa sababu "akakionja"*, hapo umening'iniza neno hewani, tena hiyo -ki- iliyomo ndani yake inadai kichala ambacho hujakitaja. Hapo bora uvunje kwa maneno yako: alionja kichala kimoja kabla ya kuamua, akasema "Bado hazijasema". Kitendo umesimulia mwenyewe, na maneno ya bibi umeyaacha kama yalivyo kwa sababu utamu uko kwenye maneno yenyewe. Hakuna namna ya kusema "bado hazijasema" kwa maneno mengine bila kuiua, na hiyo pia ni dalili ya wapi pa kunukuu, pale ambapo ukibadilisha neno unapoteza kitu.

Ukanushi ndo mtego mbaya kuliko yote. Habari inasema "Bibi hakukimbilia kuuza." Nimeshakutana na hii mara nyingi:

> Bibi hakuwa na papara ya "kukimbilia kuuza".

Inaonekana safi eeh? Herufi zote ziko kwenye habari, k-u-k-i-m-b-i-l-i-a, zimepangana vilevile. Ila mwandishi hakuandika neno *kukimbilia*, aliandika *hakukimbilia*, wewe umekata kichwa cha neno ukabaki na kiwiliwili. Alafu cheki kitu, ile ku- iliyomo ndani ya "hakukimbilia" sio ku- ya *kukimbilia* hata kidogo. Ni ku- ya wakati uliopita kwenye ukanushi, ileile ya *hakulima*, *hakupika*. Kwahiyo umechukua alama ya wakati ukaigeuza kuwa kitenzi-jina. Kwenye sentensi hii una bahati maana uliandika "hakuwa" nje ukaokoka kimaana, lakini mwenzako atasema *habari inataja "kukimbilia kuuza"* na atakuwa ameipindua habari chini juu.

Sheria yangu darasani ni moja, kata penye nafasi, usikate katikati ya neno. Neno likiwa na ha-, si-, -nge- au -ki- ndani yake, unalichukua zima au unaliacha zima. Hapa ungeandika: wakati wengine wanauza, bibi "hakukimbilia kuuza". Imeisha, na maana imebaki ilivyokuwa.

Kuna na uongo mwingine ambao hauharibu hata herufi moja. Tuseme swali linauliza tabia ya majirani, mtu akaandika: *Majirani walikuwa na tamaa ya pesa kwani "waliuza siku hiyohiyo"*. Maneno matatu, yamenukuliwa sawasawa, alama za usemi zipo, ngeli zimekubaliana. Na ni kosa. Maana mwandishi baada ya mkato tu anaendelea kusema "kwa sababu walikuwa wanadaiwa". Kumbe hawakuwa na tamaa, walikuwa wamebanwa. Nukuu fupi ina hatari hiyo, ukifupisha unaweza kumkatisha mtu kauli. Kwahiyo kabla hujafunga alama za usemi soma kidogo kulia na kidogo kushoto kwa pale ulipokata, ukikuta *kwa sababu, lakini, ila, isipokuwa, japo, kama*, simama ujiulize kama ulichokiacha hakikugeukii.

Kuhusu nukta tatu, zile za kuonesha kwamba umeruka maneno. Zinaruhusiwa, mfano: zabibu zake bibi "aliziacha... siku tisa zaidi". Nimeruka *zabibu zake shambani* na maana haijayumba. Ila kwa majibu ya ufahamu mimi nashauri uzitumie mara chache sana. Ukiona unahitaji nukta tatu mara mbili kwenye jibu moja, ujue umechukua kipande kirefu na unajaribu kukipunguza njiani, bora uchukue viwili vifupi kama nilivyofanya mwanzo. Yale mabano ya mraba ya kuingiza neno lako ndani ya nukuu utayakuta kwenye vitabu vya chuo, kwa mkono kwenye karatasi ya mtihani yanaonekana kama umekosea ukajirekebisha, yaache.

Kitu kingine kinachonikera, na nakisema kwa upole, ni kuchanganya nani anasema. Utaona mtu ameandika *Bibi anasema "hakukimbilia kuuza"*. Bibi hajasema hivyo popote, aliyesema ni msimulizi. Bibi kwenye habari nzima amesema maneno mawili tu, "Bado hazijasema". Mjukuu amesema matatu ukimhesabia na kumwita bibi yake. Kwahiyo ukitaka kuandika *anasema*, hakikisha maneno hayo kwenye habari yako ndani ya alama za usemi. Kama hayako, tumia *tunaambiwa kwamba* au *msimulizi anaonesha*, au fanya kama mimi, usitaje msemaji kabisa, ingiza maneno kwenye sentensi yako yapite.

Niliwahi kujifunza hili kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi, shule siitaji, niliandika jibu la kujidai kuhusu mzee mmoja kwenye habari, nikanukuu maneno makali nikasema mzee ni katili. Mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa, alafu akasoma habari yenyewe, kumbe yale maneno alikuwa anaambiwa mzee na mtoto wake. Darasa lilicheka mpaka kengele ya mapumziko. Tangu siku hiyo kabla sijanukuu natafuta kwanza mdomo uliotoa maneno.

Na sio kila swali linataka nukuu. Ukiulizwa madalali walikuja msimu gani, andika Agosti, basi, hakuna haja ya alama za usemi. Maana ya maneno, kichwa cha habari, na ufupisho hasa, huko nukuu ni kosa, wanataka kuona maneno yako. Nukuu inadaiwa pale swali lina *thibitisha*, *toa ushahidi*, *kwa kurejelea habari*, au linapouliza kitu ambacho hakijaandikwa wazi kama tabia, hisia, msimamo wa mwandishi. Neno *subira* halipo popote kwenye ile habari yetu, umelitoa kichwani kwako, ndo maana unadaiwa ushahidi. Msimu wa Agosti upo umeandikwa, nani atakudai ushahidi wa kitu kinachoonekana?

Kwenye shairi mambo ni yaleyale ila ongeza ubeti na mstari mwishoni, na kama nukuu yako imevuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine weka mkwaju / pale mstari ulipoishia, usiunganishe kama vile ni sentensi ya kawaida. Habari ikiwa ndefu ya aya tano sita, kutaja *aya ya 2* kunamsaidia anayesahihisha, na anayesahihisha akiwa na rundo la karatasi mbele yake saa tisa mchana na lile jua letu la Oktoba, amini atakushukuru.

Ukimaliza jibu, lisome kwa sauti ya chini ukijifanya huzioni alama za usemi. Likisomeka kama mtu mmoja anaongea bila kujikwaa, ngeli na nyakati ziko sawa. Alafu funika ile nukuu kwa kidole usome kilichobaki. Kikibaki na hoja inayoeleweka hata kama imelegea kidogo, uko vizuri. Kikibaki *Bibi alikuwa mvumilivu kwa sababu* na kidole, ndo pale mwalimu wako anapoandika "umenakili". Na kama ukifunika hakuna kitu cha kufunika, ndo pale anapoandika "ushahidi uko wapi".

Mwisho rudi kwenye habari ulinganishe herufi kwa herufi, maana mkono unapenda kusahihisha wenyewe. Habari imeandika "hiyohiyo" wewe unaandika *ileile* ndani ya alama za usemi, kosa. Nje ya alama andika utakavyo, mimi mwenyewe pale juu nimeandika siku ileile kwa sababu ilikuwa nje.

Sasa nikupe moja ufanye mwenyewe. Mjukuu alikuwa na hali gani aliposimama pale shambani, na umejuaje? Maneno ya kunukuu yasizidi sita, na kabla hujakimbilia "zitaozea shambani" angalia macho yake yalikuwa yanafanya nini. Andika alafu nitumie, mimi jioni huwa nipo.